Orodha ya kampuni tanzu: nani yuko nyuma ya mgodi?

Ukitoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, ukishapita Likasi unafika Fungurume, na pale kila mtu anajua herufi tatu: TFM, yaani Tenke Fungurume Mining. Lakini jina la kampuni halimtaji mwenye mali. Yeye hutafutwa katika ripoti ya mwaka ya kampuni mama, kwenye orodha ya kampuni tanzu, yaani kampuni inazozitawala, mara nyingi kwa kushika zaidi ya nusu ya hisa.

Tuchukue mwaka 2015, wakati TFM ilipokuwa chini ya Freeport-McMoRan ya Marekani. Freeport ilisema ina asilimia 56 ya mgodi, na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali yetu ya Kongo, ilikuwa na 20. Jumla ni 76. Hesabu isipofika 100, ujue kuna mwenye hisa hujamwona.

Anza chini ya karatasi, chora TFM, kisha panda. Asilimia 80 ya hisa zake zilikuwa chini ya TF Holdings, kampuni ya Bermuda, iliyozishika kupitia kampuni nyingine za hukohuko, zikiwemo Chui Ltd., Faru Ltd. na Tembo Ltd. Majina ni ya kwetu, anwani ni ya Bermuda! Juu ya TF Holdings kulikuwa na wawili: Freeport kwa asilimia 70 na Lundin Mining ya Kanada kwa 30. Sasa zidisha: 70 kwa 100 ya 80 ni 56, na 30 kwa 100 ya 80 ni 24. Ongeza 20 za Gécamines, unapata 100. Mchoro umekamilika.

Asilimia hizo usizitafute kwenye orodha yenyewe. Nchini Marekani orodha huwekwa kama kiambatisho kiitwacho Exhibit 21, na sheria inadai jina la kampuni na mahali iliposajiliwa, haidai kiasi cha hisa. Tena inaruhusu kuacha kampuni ndogondogo. Kwa hiyo jina likikosekana, usiseme kampuni haipo. Asilimia zisome katika maelezo ya hesabu, ndani ya ripoti ileile. Huko ndiko utakakomkuta pia mbia mdogo kama Gécamines, kwa sababu yeye si tanzu ya Freeport na orodha haimhusu.

Ngazi hizi za katikati ndizo ninazomwomba msomaji azitazame sana. Mwaka 2016 Freeport iliuza sehemu yake kwa China Molybdenum, ambayo leo inaitwa CMOC, kwa dola bilioni 2.65. Mauzo yalifanyika katika ngazi za juu ya TFM, kule Bermuda. Hisa za TFM yenyewe hazikuhama: aliyesoma daftari la wanahisa wa TFM hapa Kongo angekuta majina yaleyale, Chui na Faru mahali pao, ilhali mwenye mamlaka amebadilika. Gécamines ililalamikia mauzo hayo, na mgogoro ukamalizwa kwa mapatano Januari 2017.