Dhana potofu za OBS: maiki tatu, utepe wa jina na mita nyekundu

Dhana: kwenye OBS, programu ya kompyuta ya kurekodi na kurusha vipindi, kila sini, yaani kila mwonekano unaoupanga, inahitaji maiki yake.

Hii ndiyo inayofanya nipigiwe simu nyingi. Mwalimu mmoja wa Fizikia alikuwa na sini tatu: Uso, Ubao na Slaidi, na kila moja aliiongezea chanzo cha sauti, `Audio Input Capture`, cha maiki ileile. Wanafunzi wakalalamika kuwa anasikika kama anaongea ndani ya mtungi. Akalaumu mtandao, akanunua bando kubwa zaidi. Mtungi haukuondoka.

Ukweli: maiki iliyochaguliwa kwenye `Settings`, `Audio`, mstari wa `Mic/Auxiliary Audio`, husikika katika sini zote bila kuongezwa popote. Yake ilikuwa imeshachaguliwa huko. Alipoiongeza tena, sauti moja ikawa inapita njia mbili zinazopishana kidogo mno, chini ya sekunde, na mpishano huo ndio unaoleta mtungi. Kuugundua ni rahisi: fungua `Audio Mixer`, sema neno moja, uhesabu mita zinazoruka. Kwake ziliruka mbili. Tukafuta vyanzo vile vitatu, ikabaki ile ya kwenye mipangilio.

Ukitaka sini ya "Subirini kidogo" isiwe na sauti ya maiki kabisa, fanya kinyume: weka `Disabled` kwenye mipangilio, kisha ongeza maiki kwenye sini za kufundishia tu. Iunde mara moja tu. Kwingine chagua ileile iliyopo, usiunde mpya.

Dhana: utepe wa jina na mada ukiunakili kwenye sini nyingine, unakuwa kitu kingine.

Ukweli: ukibandika kwa Ctrl+V, chanzo ni kilekile. Ukibadilisha "Msongo" kuwa "Mawimbi" kwenye Ubao, Slaidi nayo imebadilika. Kinachobaki cha kila sini ni mahali utepe ulipo na ukubwa wake, kwa hiyo unaweza kuusogeza kwenye Slaidi ili usizibe maandishi bila kuuvuruga kwingine. Kwa mada ya siku hii ni raha tupu. Ukitaka wa kujitegemea, tumia `Paste (Duplicate)`. Na utepe usipoonekana, usiufute kwanza: huenda uko chini ya kamera kwenye orodha ya vyanzo. Cha juu hufunika cha chini.

Dhana: mita ikigonga nyekundu ndiyo sauti imetoka vizuri.

Ukweli: unapoongea kawaida, mita ichezee kwenye manjano, yaani kati ya -20 na -9 dB. Ikifika 0 sauti inapasuka, na mwanafunzi hata akipunguza simu yake ataisikia imepasuka, ila kwa chini.

Kabla ya kipindi bonyeza `Start Recording`, ongea dakika moja ukipita sini zote, kisha sikiliza kwa simu na spika za masikioni. Ukicheza video ya jaribio la maabara, wewe mwenyewe vaa hedifoni. Spika ya kompyuta ikiwa wazi, maiki itainasa video hiyo mara ya pili.