Toroli linalokwenda kiubavu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Toroli lenyewe tulilichomelea Nyakato, hapa Mwanza, lipite katikati ya kreti za sangara kwenye chumba chembamba ambamo toroli la kawaida halina nafasi ya kukata kona. Lina mota nne na magurudumu manne ya mekanamu, yale yenye rola zilizolazwa mshazari kwa nyuzi 45 kuzunguka ukingo. Aliyeyabuni ni mhandisi wa Uswidi, Bengt Ilon, miaka ya 1970. Kila anayeliona likihama kiubavu ana maelezo yake, na mengi yanahitaji kunyooshwa.

Dhana: magurudumu yanajigeuza kuelekea pembeni.

Hakuna kinachojigeuza. Rola inayogusa sakafu inazunguka huru, kwa hiyo inaweza kusukuma kwa kufuata mhimili wake tu. Gurudumu la mbele kushoto likizunguka kwenda mbele, linasukuma toroli mbele na kulia kwa wakati mmoja. La mbele kulia linasukuma mbele na kushoto. La nyuma kulia linasukuma kama la mbele kushoto, la nyuma kushoto kama la mbele kulia. Ili toroli liende kulia, la mbele kushoto na la nyuma kulia yanazunguka kwenda mbele, mengine mawili yanarudi nyuma. Misukumo ya mbele na ya nyuma inauana, ya kulia inajumlishana. Chora mishale minne kwenye karatasi utaiona.

Dhana: gurudumu lolote linafaa kona yoyote.

Yako ya aina mbili, na ukiyatazama kutoka juu mishazari ya rola lazima ichore herufi X. Ukiyabadilishana, mbele na nyuma toroli litakwenda vizuri tu, ndiyo maana kosa linajificha. Litajionyesha ukiliamuru lizunguke palepale: mota zinanguruma na toroli halizunguki, au linajikokota.

Dhana: namba inayopewa mota ikizidi 1, ikate tu iwe 1.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu programu inafanya kazi na toroli linakwenda, ila haliendi ulikolielekeza. Jostiki inatoa namba tatu: y ya mbele, x ya kulia, r ya kuzunguka. Kila mota inapata mchanganyiko wake:

```
d = max(abs(y) + abs(x) + abs(r), 1)
mbele_kushoto = (y + x + r) / d
nyuma_kushoto = (y - x + r) / d
mbele_kulia   = (y - x - r) / d
nyuma_kulia   = (y + x - r) / d
```

Tuseme y ni 1, x ni 0.5, r ni 0. Unataka kila mita mbili za mbele ziende na mita moja ya kulia. Kabla ya kugawanya, mbele kushoto na nyuma kulia zinapata 1.5, nyingine mbili 0.5. Mota haina zaidi ya nguvu yake yote, yaani 1. Ukizikata zile mbili ziwe 1 na kuziacha nyingine kwenye 0.5, wastani wa zote nne, ambao ndio mwendo wa mbele, unakuwa 0.75, na wa kulia unabaki 0.25. Sasa ni mita tatu mbele kwa moja ya kulia. Kwenye safari ya mita tatu ulitegemea kusogea kulia mita 1.5, umesogea moja. Hiyo nusu mita inayopungua inatosha kugonga kreti.

Ukizigawanya zote nne kwa d, ambayo hapa ni 1.5, zinakuwa 1 na 0.33. Mbele unapata 0.67, kulia 0.33, uwiano uleule wa mbili kwa moja. Umepoteza kasi kidogo, njia haikupotea. Angalia pia alama ya y: jostiki nyingi zinatoa namba hasi ukisukuma mbele, kwa hiyo igeuze kwanza. Mimi huliweka toroli juu ya matofali, nasukuma jostiki upande mmoja tu, kisha natazama kila gurudumu linazungukia wapi.

Dhana: hesabu ikiwa sahihi, toroli litanyooka.

Hesabu inachukulia kwamba magurudumu yote manne yanagusa sakafu na hayatelezi. Fremu ngumu kwenye sakafu yenye mabonde huliacha moja likielea, na hapo pua ya toroli hupinda kila unapokwenda kiubavu. Pitisha kipande cha karatasi chini ya kila gurudumu: kinapopita bila kushikwa, pafanyie kazi hapo kabla ya kugusa programu. Utelezi wa samaki sakafuni huleta ugonjwa uleule, na ukienda kiubavu ni mbaya zaidi, kwa sababu msukumo mwingi unauana na kasi hupungua hata pakiwa pakavu.

Na usilipeleke Kirumba mwaloni ukategemea litembee mchangani. Chembe huingia kwenye ekseli za rola, rola ikikwama gurudumu linageuka kuwa tairi la kawaida, bovu. Kwa kazi ya ufukweni funga matairi ya mpira na ukubali kukata kona.