Je, wajua? Nukta kutoka nje ya mstari si lazima ziliangushe jaribio la t

"Nimechora mchoro wa kwantaili wa data zangu na nukta hazikai kwenye mstari. Je, bado naweza kuliamini jaribio la t?"

Mara nyingi unaweza kuliamini jaribio hilo la kulinganisha wastani wa makundi mawili. Ila kabla ya kuzitazama nukta, angalia ni namba zipi ulizochora, maana kosa kubwa hufanyika hapo. Wengi huchukua safu nzima ya matokeo, makundi yote mawili yakiwa yamechanganywa, wakaichora kwa pamoja. Wamesikia kwamba "data lazima zifuate mgawanyo wa kawaida", nao wakaelewa data zote kwa ujumla wake. Jaribio la t halidai hivyo. Sharti lake linahusu namba za ndani ya kila kundi, jinsi zinavyotawanyika kuuzunguka wastani wa kundi hilo.

Chukua makundi mawili yasiyo na dosari, la kwanza likiwa na wastani wa 50 na la pili 70, kila moja na mchepuko sanifu wa 4. Ukichora kila kundi peke yake, nukta zinafuata mstari vizuri. Yachanganye, na hapo karibu na 60 namba ni chache mno au hakuna kabisa. Mchoro unageuka kuwa vidato viwili: nukta za kundi la kwanza zinapanda taratibu, ghafla zinaruka juu, kisha za kundi la pili zinaendelea taratibu tena. Anayeuona anadhani data zimeharibika, kumbe ule mruko ndio tofauti aliyokuwa anaitafuta. Na kadiri tofauti ya makundi inavyokuwa kubwa, ndivyo mchoro wa mchanganyiko unavyozidi kutisha. Yaani mtu analiacha jaribio pale hasa lilipokuwa na jibu la wazi.

Kwa hiyo tenganisha kwanza. Kwenye R, ikiwa jedwali linaitwa `d` na lina safu za `dakika` na `kundi`:

```r
for (k in split(d$dakika, d$kundi)) {
  qqnorm(k)
  qqline(k)
}
```

Kama vipimo vimefanywa kwa watu walewale kabla na baada, usichore kabla wala baada. Chora tofauti ya kila mtu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoingia kwenye jaribio. Wapo pia wanaoondoa wastani wa kundi kutoka kwa kila namba, kisha wakachora mabaki yote pamoja. Njia hiyo ni halali makundi yakiwa na mtawanyiko unaokaribiana. Kundi moja likiwa limetawanyika sana kuliko jingine, mabaki yaliyochanganywa huonyesha mikia mizito hata kama kila kundi ni la kawaida kabisa.

Sasa mchoro wenyewe. Fikiria umepanga namba zako foleni, ndogo mbele, kubwa nyuma. Pembeni yake kuna foleni ya pili yenye idadi ileile, ila hii ni ya mfano: inaonyesha kila nafasi ingekuwa wapi kama namba zingetoka kwenye mgawanyo wa kawaida. Wa kwanza wa foleni yako anashikana mkono na wa kwanza wa foleni ya mfano, wa pili na wa pili, hadi mwisho. Kila nukta ni jozi moja ya hao walioshikana mikono. Foleni mbili zikiachana nafasi kwa uwiano uleule, nukta huunda mstari.

Foleni ya mfano haina nafasi sawa. Kwa namba 10, R huziweka nafasi tano za mwanzo kwenye -1.55, -1.00, -0.66, -0.38 na -0.12, na tano za mwisho ni hizohizo upande wa chanya. Katikati wamebanana, pembeni wameachana. Ndiyo maana nukta za ncha huonekana zimejitenga hata data zikiwa safi, na ndizo huyumba zaidi.

Tuchukue dakika za kusubiri za watu 10 wa kundi moja: 2, 3, 3, 4, 5, 6, 8, 11, 17, 31. Mstari wa `qqline` hupita kwenye robo ya kwanza na robo ya tatu ya data, hapa 3.25 na 10.25, hivyo hauvutwi na ncha. Ukiufuata hadi ncha ya kulia, unatabiri kama 14.8, na kumbe iliyopo ni 31. Ukiufuata hadi ncha ya kushoto, unatabiri dakika -1.3, yaani muda usioweza kuwepo, na iliyopo ni 2. Ncha zote mbili ziko juu ya mstari na mchoro umejikunja kama bakuli. Hiyo ndiyo alama ya mkia mrefu upande wa kulia.

Hakikisha tu unajua mhimili upi una data. R huziweka kwenye mhimili wa wima, SPSS huziweka kwenye wa mlalo, na huko bakuli lilelile hufunikwa juu chini.

Je, mkunjo huo ni wa kweli au ni bahati ya namba chache? Jicho halina kipimo mpaka lipewe cha kulinganisha. Chora sampuli tisa za 10 ambazo unajua kwa hakika zimetoka kwenye mgawanyo wa kawaida:

```r
par(mfrow = c(3, 3))
for (i in 1:9) {
  x <- rnorm(10)
  qqnorm(x)
  qqline(x)
}
```

Utashangaa jinsi kadhaa kati yake zinavyopinda. Mchoro wako ukiwekwa katikati yao usitambulike, huna ushahidi dhidi ya data zako. Wala si ushahidi kwamba ni za kawaida. Kwa namba 10 mchoro hauwezi kuona mengi. Huu wa dakika za kusubiri, kwa 31 ile, ungetambulika upesi.

Hata hapo, madhara yanategemea kundi la pili. Likiwa na idadi sawa na mkia unaofanana kuelekea upande uleule, upogo wa wastani mmoja hufutwa na wa mwingine pale tunapotoa, na jaribio hustahimili vizuri ajabu. Kundi moja likiwa na watu 10 na jingine 60, mkia wa lile dogo hauna wa kuufuta, na hapo thamani ya p hupotoka. Tatizo jingine ni nguvu ya jaribio: ile 31 pekee inaupandisha mchepuko sanifu kutoka 4.8 hadi karibu 9, na tofauti ya kweli inaweza kumezwa humo.

Kwa muda wa kusubiri, logi ndiyo ya kujaribu kwanza. Baada ya logi, nukta ya juu iliyokuwa imeuacha mstari kwa zaidi ya mara tatu ya mwinamo wa mstari huo, sasa inauacha kwa chini ya nusu ya mwinamo mpya. Makundi yote mawili yapitishwe kwenye logi ileile, yachorwe upya kila moja peke yake, ndipo jaribio lifanyike. Jibu litakalotoka, ukilirudisha kutoka kwenye logi, litakuwa la uwiano: kundi moja limesubiri mara ngapi ya jingine, badala ya dakika ngapi zaidi.