Urari umekataa kulingana: anza na tofauti yenyewe

Urari wa mwisho wa mwezi ni orodha ya masalio ya akaunti zote katika safu mbili, ya debiti na ya krediti, ambazo jumla zake zinapaswa kuwa sawa. Unapokataa kulingana, wengi hurudi kwenye vocha ya kwanza ya mwezi na kuanza kuweka alama ya vema kila mstari mpaka wa mwisho. Kwa duka la jumla lenye miamala mingi, kazi hiyo inaweza kula siku nzima, na macho yakishachoka hupita juu ya kosa bila kuliona. Mimi huanza na tofauti. Naiandika kwenye karatasi yake peke yake na kuihoji kabla sijafungua leja.

Lakini kwanza kuna mambo ya haraka. Jumlisha upya safu zote mbili kuanzia chini kwenda juu. Hesabu akaunti za leja, kisha uhesabu mistari ya urari. Hakikisha salio la fedha taslimu na la benki yamo, maana hayo hukaa kwenye kitabu cha fedha, nje ya leja, na ni rahisi kuyasahau. Tena linganisha masalio yaliyoletwa mwanzo wa mwezi na urari wa mwezi uliopita. Kama ule ulilingana na masalio yameletwa sawasawa, kosa limezaliwa ndani ya mwezi huu, na hapo umeshapunguza sana eneo la kutafuta.

Sasa nieleze kisa cha mfanyabiashara mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, anayeuza mawese na dagaa kwa jumla. Wateja wake wengi wako Kasulu na Kibondo, wanachukua mzigo kwa mkopo na kulipa kidogokidogo. Hesabu zake zinaandikwa kwa mkono na kijana makini. Mwisho wa mwezi safu ya debiti ilikuwa 61,482,000 na ya krediti 60,726,000. Debiti imezidi kwa 756,000.

Swali la kwanza: je, kuna kiasi cha 756,000 chenyewe mahali popote? Kama kipo, huenda kimeandikwa upande mmoja tu, au akaunti yenye salio hilo imeachwa nje ya urari. Tulipitia kitabu cha fedha na vitabu vya mauzo na manunuzi. Hakikuwemo.

Swali la pili ni nusu yake, 378,000. Kiasi kikiwekwa upande usio wake, tofauti huwa mara mbili ya kiasi hicho, kwa sababu upande mmoja umekikosa na mwingine umekipata bila haki. Hapa tulikutana na 378,000 kweli: malipo ya lori lililopeleka mzigo Kasulu. Kijana akafurahi, lakini nikamwambia asubiri tuangalie mwelekeo. Debiti ndiyo iliyozidi, kwa hiyo tunatafuta kitu cha krediti kilichoingia debiti. Gharama ya usafiri mahali pake ni debiti, nayo ilikuwa debiti. Ingebaki njia moja tu ya kuleta tofauti ile: malipo hayo yawe yameandikwa upande wa mapokezi wa kitabu cha fedha. Tulitazama, yalikuwa upande wa malipo. Kiasi kulingana na nusu ya tofauti ilikuwa bahati tu. Hatua hii ya mwelekeo watu wengi huiruka, kisha wanasahihisha ingizo lililokuwa sahihi na kubaki na makosa mawili.

Swali la tatu ni tisa. Jumlisha tarakimu za tofauti: 7 na 5 na 6 ni 18, na 18 hugawanyika kwa 9, kwa hiyo 756,000 nayo inagawanyika. Jibu ni 84,000. Jibu hilo ndilo lenye habari, na hapa ndipo penye utamu wa kazi hii.

Tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti lazima igawanyike kwa 9, na jibu la kugawanya huwa na tarakimu moja tu kisha sifuri. Mfano, 2,450,000 ikiandikwa 2,540,000 tofauti ni 90,000, ukigawa kwa 9 unapata 10,000. Ile 1 inakuambia tarakimu zilizobadilishana zinapishana kwa moja, kama 4 na 5. Nafasi yake inakuambia utazame makumi elfu na jirani yake wa kushoto, yaani malaki. Huhitaji tena kusoma leja yote, unasoma nafasi mbili tu za kila kiasi.

Jibu letu, 84,000, lina tarakimu mbili. Hiyo ni dalili ya sifuri kudondoka au kuongezeka: kiasi kimeandikwa mara kumi pungufu au mara kumi zaidi, na jibu la kugawanya ndicho kiasi kidogo chenyewe. Kwa kuwa debiti imezidi, ama kuna 840,000 upande wa debiti iliyopaswa kuwa 84,000, ama kuna 84,000 upande wa krediti iliyopaswa kuwa 840,000. Tukapitia krediti za wadaiwa, kwa sababu mapokezi ndiyo yaliyokuwa mengi mwezi ule. Ikaonekana kwenye akaunti ya mteja wa Kasulu: 84,000. Kitabu cha fedha kilisema 840,000, na stakabadhi ilisema 840,000.

Mteja huyo alikuwa anadaiwa 1,260,000. Leja ilimwonyesha bado ana deni la 1,176,000, wakati ukweli ni 420,000. Ndiyo maana nilikataa kijana aliponiambia, "Kaka, tofauti hii tuiweke kwenye akaunti ya muda tufunge mwezi." Tungeiweka, na wiki inayofuata mteja angepigiwa simu kudaiwa fedha alizokwisha kulipa.

Kusahihisha hakuhitaji kufuta. Tuliingiza krediti ya 756,000 kwenye akaunti yake, tukaandika namba ya stakabadhi na sababu. Salio lake likashuka, na safu ya debiti ikawa 60,726,000. Kama tungekuwa tumekwisha kufungua akaunti ya muda, ingizo lingekuwa debiti akaunti ya muda, krediti mteja.

Jaribio la tisa lina mpaka wake. Katika kila namba tisa zinazofuatana, moja hugawanyika kwa 9, kwa hiyo inaweza kutokea kwa bahati. Makosa mawili ya kubadilisha tarakimu bado hutoa tofauti inayogawanyika, ila jibu halitakuelekeza popote. Na tofauti isiyogawanyika inaweza kuwa mchanganyiko wa makosa. Hapo jumlisha wadaiwa peke yao na uwalinganishe na mauzo ya mkopo na mapokezi ya mwezi, kisha wadai vilevile, mpaka ujue kosa liko kundi gani.

Kwa wanaotumia Ekseli kuna sababu nyingine ambayo hakuna hesabu ya tisa itakayoionyesha: kiasi kilichoingia kama maandishi. Kinaonekana kama namba, lakini `SUM` inakiruka. Linganisha hizi mbili kwenye safu ya viasi:

```
=COUNT(C2:C60)
=COUNTA(C2:C60)
```

Ya kwanza huhesabu namba tu, ya pili huhesabu kila seli yenye kitu. Zikipishana, huenda kuna kiasi ambacho hakijajumlishwa.

Urari wa Mwanga ulipolingana, bado tuliwatumia wateja wa Kasulu na Kibondo masalio yao kwa ujumbe wa simu. Malipo yaliyoingizwa kwa mteja mwingine mwenye jina linalofanana hayaharibu urari hata kwa shilingi moja, na anayeweza kuyaona ni yule aliyelipa.