Mauzo yakishuka kwa asilimia 10, faida nayo si itashuka kwa asilimia 10?

Mara nyingi hushuka zaidi, kwa sababu kodi ya jengo na mishahara ya mwezi hailegei mauzo yanapolegea.

Chukua kampuni mbili, kila moja ikiuza 1,000 na kubaki na faida ya 100. Ya kwanza hutumia 800 kwa malighafi na kamisheni, gharama zinazopanda na kushuka pamoja na mauzo, na 100 tu kwa gharama za kudumu. Ya pili imenunua mitambo: gharama zinazobadilika ni 300, za kudumu 600. Mauzo yakifika 900, ya kwanza inabaki na 80. Ya pili inabaki na 30, yaani asilimia 70 ya faida imeyeyuka.

Ukitazama faida pekee hungeona tofauti yao. Itazame nafasi ya usalama, yaani mauzo yanaweza kupungua kiasi gani kabla ya hasara kuanza. Gawanya gharama za kudumu kwa sehemu ya kila shilingi ya mauzo inayobaki baada ya gharama zinazobadilika: kwa kampuni ya pili, 600 kwa 0.7 ni kama 857, mauzo ambayo chini yake hasara huanza. Nafasi yake ni asilimia 14 hivi. Ya mwenzake ni asilimia 50. Gawanya 1 kwa nafasi hiyo, utapata mara ngapi faida inatikisika kuliko mauzo: 7 dhidi ya 2.

Mtikisiko huo hufanya kazi pande zote. Mauzo yakifika 1,100, ya pili inapata 170. Ila hapo ile 7 imekwisha kushuka hadi 4.5 hivi, kwa hiyo usiikariri, ihesabu upya.