Kufunza perseptroni moja kwa mkono: jedwali la NA, epoki mbili

Swali lenyewe huwa fupi. Unapewa jedwali la ukweli la NA, ambalo jibu lake ni 1 pale tu maingizo yote mawili yanapokuwa 1, unaambiwa uzito wote uanze na sifuri, kasi ya ujifunzaji ni 1, kisha: "Funza perseptroni kwa epoki mbili, onyesha uzito baada ya kila hatua." Hesabu zake ni za kujumlisha na kutoa tu. Hata hivyo wengi hulikosa, na karibu kila mara tatizo ni kutofuata mpangilio wa hatua.

Perseptroni, ambayo Frank Rosenblatt aliieleza mwaka 1958, ni kiamuzi kidogo. Hupokea maingizo, huzidisha kila moja kwa uzito wake, hujumlisha, huongeza namba moja ya pembeni inayoitwa baiasi, kisha hujibu 1 au 0. Kuifunza ni kurekebisha namba zake kila inapokosea. Kwa NA tuna maingizo mawili, kwa hiyo namba za kurekebisha ni tatu: `w1`, `w2` na `b`. Epoki ni mzunguko mmoja wa kupitia mistari yote minne ya jedwali, hivyo epoki mbili ni hatua nane.

Kila hatua hutumia kanuni hizi:

```
z = w1*x1 + w2*x2 + b
y = 1 ikiwa z >= 0, vinginevyo y = 0
e = t - y
w1 = w1 + e*x1
w2 = w2 + e*x2
b  = b + e
```

Hapa `t` ni jibu linalotakiwa, `y` ni jibu lililotolewa, na `e` ni kosa. Kosa likiwa sifuri, hakuna kinachobadilika. Kosa likiwepo, uzito hubadilika pale tu ambapo ingizo lake ni 1, lakini baiasi hubadilika kila mara, hata maingizo yote yakiwa sifuri. Ishike hiyo, maana mstari wa kwanza kabisa unaihitaji.

Tuanze epoki ya kwanza, namba zote tatu zikiwa 0. Mstari (0,0) unatoa `z = 0`. Kwa kanuni yetu sifuri inahesabiwa kuwa imefika kizingiti, kwa hiyo jibu ni 1 wakati lililotakiwa ni 0. Kosa ni -1. Uzito haubadiliki kwa sababu maingizo ni sifuri, ila baiasi inashuka hadi -1. Sasa mstari (0,1) unakokotolewa kwa baiasi hii mpya: `z = -1`, jibu ni 0, ni sahihi. Mstari (1,0) nao unatoa -1, sahihi. Mstari (1,1) unatoa -1 pia, lakini hapa tulitaka 1. Kosa ni +1, na maingizo yote mawili yapo, hivyo kila namba inaongezwa 1: `w1 = 1`, `w2 = 1`, `b = 0`.

Epoki ya pili inaanzia hapo hapo ya kwanza ilipoishia. Kuna wanaorudisha namba kwenye sifuri, na matokeo yake wanaandika epoki ya kwanza mara mbili.

```
x1 x2 t |  z  y   e | w1 w2  b
 0  0 0 |  0  1  -1 |  1  1 -1
 0  1 0 |  0  1  -1 |  1  0 -2
 1  0 0 | -1  0   0 |  1  0 -2
 1  1 1 | -1  0  +1 |  2  1 -1
```

Mstari wa pili wa jedwali hili ndio wa kuutazama kwa makini. Namba zinazotumika pale ni `w2 = 1` na `b = -1`, zile zilizotoka kwenye mstari ulio juu yake, na jumla yake ni sifuri kamili. Ukitumia baiasi ya zamani, yaani 0, utapata 1, na kwa bahati mbaya tokeo bado litakuwa 1, kwa hiyo kosa lako halitaonekana kwenye safu ya `y`. Litajificha humo. Ndiyo maana nasisitiza safu ya `z` iandikwe, hata kama mtahini hakuiomba.

Jibu la mtihani basi ni `w1 = 2`, `w2 = 1`, `b = -1`. Hapo mwanafunzi makini huijaribu perseptroni yake na kushtuka: (0,1) inatoa `z = 0`, yaani 1, na (1,0) inatoa `z = 1`, nayo 1. Mistari miwili kati ya minne bado ni makosa! Nimeona karatasi ambazo mtu alikuwa na jibu sahihi, akalifuta, akalazimisha namba zinazotenganisha jedwali vizuri. Usifanye hivyo. Swali limetaka epoki mbili, halijasema mafunzo yawe yamekamilika. Ukiendelea kwa kanuni hii hii, epoki ya tano inaishia na `w1 = 2`, `w2 = 1`, `b = -3`, na epoki ya sita inapita bila kosa hata moja. Kufika huko ni hakika, kwa sababu mstari mmoja ulionyooka unaweza kuitenga nukta (1,1) na zile tatu nyingine.

Kabla ya kuandika chochote, soma swali linasemaje kuhusu sifuri. Vitabu vingine vinataka `z > 0` ndipo jibu liwe 1. Kwa kanuni hiyo mstari wa kwanza hauna kosa, epoki ya kwanza inaishia na 1, 1 na baiasi 1, na ya pili inaishia na `w1 = 2`, `w2 = 1`, `b = 0`. Uzito umelingana, baiasi imetofautiana. Majibu yote mawili ni halali, kila moja kwa kanuni yake. Swali likinyamaza, andika kanuni uliyochagua juu ya hesabu zako, kwa sentensi moja.

Kosa jingine kubwa ni kukusanya marekebisho na kuyafanya mwishoni mwa epoki. Hilo lina dalili ya wazi: kwa kanuni yetu ya kwanza, epoki ya kwanza itakuachia -1, -1 na -3. Ukiona uzito hasi hapo, rudi mstari wa kwanza na urekebishe namba baada ya kila mstari.

Zikibaki dakika mbili, hakiki hivi. Kasi ikiwa 1 na mwanzo ukiwa sifuri, baiasi ya mwisho lazima iwe sawa na jumla ya makosa yote: -1 na +1 za epoki ya kwanza, kisha -1, -1 na +1 za ya pili, jumla -1. Kwa `w1`, jumlisha makosa ya mistari yenye `x1 = 1` peke yake: +1 na +1, yaani 2. Kwa `w2`, chukua yenye `x2 = 1`: +1, -1, +1, yaani 1. Na kama swali limetoa kasi ya 0.1 badala ya 1, zidisha tu: 0.2, 0.1 na -0.1. Kwa kuwa tumeanzia sifuri, kasi hubadilisha ukubwa wa namba, lakini safu za `y` na `e` hubaki zile zile.