"Na wewe je?" si wotabautizimu kila mara

Siku hizi kwenye mabishano ya mtandaoni mtu akiulizwa swali gumu kidogo tu anarusha neno "wotabautizimu!" afu anaondoka kama kashinda, na wenzake wanapiga makofi. Neno lenyewe halina kosa, ila linatumiwa hovyo mpaka sa hivi limekuwa njia ya kukwepa kujibu, wakati lilitengenezwa kuwataja wanaokwepa kujibu.

Maana kwa haraka. Tu kwokwe ni Kilatini, "wewe pia": unamwambia mtu kakosea, naye badala ya kujibu anasema hata wewe unafanya hivohivo. Wotabautizimu ni ndugu yake, tofauti ni kwamba huyu anaweza kukupeleka kwa mtu wa tatu au jambo lingine kabisa, "mbona fulani alifanya na hamkusema?" Neno la Kiingereza, whataboutism, lina asili ya Ireland ya Kaskazini, miaka ya 1970 wakati wa zile vurugu za Wakatoliki na Waprotestanti, kila upande ukilaumiwa kwa mauaji unataja mauaji ya upande wa pili. Baadaye likahamia kwenye siasa za Vita Baridi, maana Wasovieti walikuwa na jibu lao maarufu hadi likageuka utani: ukiwauliza kuhusu kambi za wafungwa wanasema "na huko kwenu mnawanyonga Weusi." Na kusema kweli walikuwa wananyongwa. Hapo ndo watu wengi wanapotea, wanadhani hoja ya namna hii lazima iwe uongo. Mara nyingi inachosema ni kweli tupu, shida ni kwamba haigusi kilichoulizwa: Mweusi kunyongwa Mississippi hakumtoi mfungwa hata mmoja kambini Siberia.

Sasa kinachoniudhi. Kuna wakati "na wewe je?" ni hoja halali kabisa, na mfano ninaoupenda ni kesi ya Karl Dönitz kule Nuremberg, walikohukumiwa viongozi wa Wanazi, 1946. Huyu alikuwa mkuu wa manowari za Ujerumani, baadaye jeshi lote la majini, na mojawapo ya mashtaka ni kwamba manowari zake zilizamisha meli za biashara bila onyo na akatoa amri mabaharia wasiokolewe, kinyume na itifaki ya London ya 1936. Wakili wake Otto Kranzbühler, aliyekuwa mwanasheria wa jeshi la majini, akafanya kitu cha akili sana. Hakusema "Wamarekani nao walifanya, kwa hiyo mwachieni." Alijua mahakama ingemkatalia hapohapo. Akaomba Admirali Chester Nimitz, kamanda wa Marekani kule Pasifiki, aulizwe maswali kwa maandishi, na Nimitz akajibu bila kuficha kwamba manowari za Marekani zilizamisha meli za Japani bila onyo tangu siku ya kwanza ya vita, na kwa kawaida hazikuokoa manusura kama kuokoa kungeiweka manowari hatarini. Hoja ya Kranzbühler ikawa hii: kama pande zote mbili zinaisoma sheria hivi, basi tuulizane sheria yenyewe baharini inamaanisha nini.

Umeona tofauti? Kosa la mwingine hakulitumia kufuta la mteja wake, alilileta kama ushahidi wa kanuni ilivyo kwa vitendo. Na majaji wakaligawa vizuri: wakasema Dönitz kweli aliivunja itifaki, ila kwa kuangalia majibu ya Nimitz pamoja na amri ya Waingereza ya Mei 1940 ya kuzamisha chombo chochote kitakachoonekana kwenye mlango-bahari wa Skagerrak, adhabu yake haitapimwa kwa makosa ya vita vya manowari. Akafungwa miaka 10 kwa mengine. Yaani swali la "amekosa?" likabaki palepale, swali la "aadhibiwe kiasi gani kwa hilo?" ndo likaguswa.

Linganisha na kesi ya Kupreškić na wenzake, kwenye mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa vita vya Yugoslavia kule The Hague. Kijiji cha Ahmići huko Bosnia kilivamiwa alfajiri ya 16 Aprili 1993, raia Waislamu zaidi ya 100 wakauawa. Washtakiwa walikuwa Wakroati, na utetezi ukataka kuleta ushahidi kwamba Waislamu nao waliwaua Wakroati kwingine. Mahakama ikakataa, na kwenye hukumu ya Januari 2000 ikaeleza kwa nini: wajibu wa kutoua raia si mkataba wa nipe nikupe kwamba mwenzio akiuvunja na wewe umeachiwa. Hapa hakuna aliyekuwa anabishania kanuni inasemaje, kwa hiyo kijiji kingine hakikuwa na la kueleza kuhusu Ahmići.

Tushuke kwenye kikoba chetu. Mjumbe anaandika kwenye grupu la Watsapu, "Dada mhazini, Machi ilitoka 340,000, risiti ziko wapi?" Mhazini anajibu, "We kaka mkopo wako wa mwaka jana hujamaliza mpaka leo, leo ndo wa kuniuliza mimi?" Hii ni tu kwokwe safi, na grupu litacheka, litaweka nyani haoni kundule, na mjadala umehamia kwenye mkopo. Jibu baya la kwanza ni "hayo tuyaache", kwa sababu wanaosoma watajua unaficha. Jibu baya la pili ni kuanza kujieleza kuhusu mkopo, watoto, ada, aya tatu nzima, maana ukimaliza hakuna atakayekumbuka risiti. Andika tu: "Kweli dada, nadaiwa 60,000, katibu aingize kwenye ajenda ya kikao hiki. Risiti za Machi ziko wapi?" Sentensi moja ya kukubali, deni limepewa mahali pake, afu swali lilelile kwa maneno yaleyale, usiliongezee ukali. Kama alichosema si kweli, kanusha kwa sentensi moja pia na urudi. Na kama deni lako ni kubwa mpaka watu hawakusikii, mwombe mjumbe asiyedaiwa aulize. Risiti hazijui nani anazitafuta.

Sasa mtu mwingine anaandika, "Mbona mhazini aliyepita alikaa mwaka mzima bila risiti na hamkumfanya kitu?" Hapa ndo watu wanapokimbilia kupiga kelele za wotabautizimu. Subiri kwanza uangalie kinachodaiwa ni nini. Kama hoja iliyopo mezani ni kwamba 340,000 haina maelezo, basi hoja ya mhazini wa zamani haisaidii, pesa bado haionekani. Lakini kama mmeshafika kwenye kumvua cheo leo hii, na yule wa kwanza alipewa wiki mbili alete hesabu, basi swali hilo ni la haki na mnapaswa kulijibu: ama huyu naye apewe wiki mbili, ama mseme wazi kwamba kuanzia sasa kanuni imebadilika na kwa nini.

Kwa hiyo ndugu zangu wa "wotabautizimu!", neno lisitupwe, ila kabla hujalirusha muulize mwenzako: "tukikubali hilo ni kweli, linabadilisha nini kwenye swali la kwanza?" Akishindwa kusema, mrudishe kwenye swali. Akikwambia "linabadilisha adhabu" au "linaonyesha kanuni hatuifuati", basi ana hoja, na ni zamu yako kujibu.